Viti Kwanza, Ndipo Mwezi

Mwaka wangu wa kwanza kusherehekea Sikukuu ya Mwezi ya Wachina na ukoo wa mume wangu, tulipanda kwenye paa. Nyumba ya wakwe zangu iko kijijini huko Shunde, katika mji wa Foshan, kusini mwa China, na kama nyumba nyingi za vijiji vile ina ghorofa tatu na juu yake paa la wazi la kuanikia nguo. Meza ilipendeza. Kandili nyekundu zilitundikwa kwenye kamba za nguo, matunda yakapangwa, na mwezi ulikuwa umetuangukia kama sinia la shaba. Gupo, shangazi yake baba mkwe, wakati huo akiwa na miaka 88, alikalishwa kwenye stuli nyekundu ya plastiki, zile fupi zisizo na mgongo. Alipotaka kuinuka, mkono ukatafuta mahali pa kushika na haukupapata. Stuli ikateleza nyuma.

Hakuvunjika, tunashukuru. Kifundo cha mkono kilivimba, na mume wangu akambeba mgongoni hadi chini, vidato 58, huku mimi nikiwa mbele na tochi. Mwaka uliofuata tulipomwita, Gupo alisema amechoka, na kwamba mwezi anauona hata dirishani. Tulijua sote kwamba dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Mimi ni mtu wa Tanga, na ni Mwislamu. Katika meza ile kuna sehemu isiyo yangu. Mama mkwe huelekea mwezi, huwasha uvumba na kuomba, kama mama yake alivyofanya, maana huko kusini kazi hiyo ni ya wanawake. Hajawahi kuniomba niushike uvumba. Lakini baada ya ile stuli kuteleza aliniambia, "Uvumba nitashughulika nao mimi. Viti vishughulikie wewe." Nikavichukua viti kwa moyo mmoja, na mwaka 2024, sikukuu ilipoangukia tarehe 17 Septemba, nilikuwa na miezi kadhaa ya kufikiri nyuma yangu.

Sikukuu hii huwa siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya mwezi, kwa hiyo kwa kalenda ya kawaida hutembea kati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Sisi tuliokulia kwenye hesabu ya mwezi mwandamo hatuhitaji kuelezwa sana hilo. Tofauti ni kwamba wao huingiza mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache ili kalenda isiachane na misimu, ndiyo maana sherehe yao haizunguki mwaka mzima kama Idi zetu.

Jambo la kwanza niliamua bila kumwuliza mtu: paa basi. Tutaandalia uani. Baba mkwe akanikumbusha kwa upole kwamba uani hakuna mwezi, kwani upande wa mashariki kuna nyumba ya jirani ya ghorofa nne. Alikuwa sahihi. Mwezi mpevu wa Septemba hutoka karibu mashariki kabisa, wakati jua linapokaribia kuzama. Ukiwa na nyumba ndefu upande huo, utakula keki zote na kuosha vyombo kabla hujauona.

Hapo ndipo nilipotumia ngumi, jambo nililofundishwa na mjomba wangu aliyekuwa mvuvi. Ukinyoosha mkono mbele ya macho na kukunja ngumi, upana wa ngumi hiyo angani ni kama nyuzi 10. Mwezi ukishatoka, katika latitudo ya Shunde na msimu ule, hupanda karibu nyuzi 13 au 14 kwa saa, yaani ngumi moja na kidogo. Nikaketi mahali ambapo meza ingewekwa karibu na mlango, maana lazima upime ukiwa umekaa kwa urefu wa macho ya atakayekaa. Kutoka usawa wa macho hadi ukingo wa paa la jirani nilipata ngumi mbili na nusu. Nyuzi 25 hizo, kwa mwendo wa mwezi ni karibu saa mbili. Siku ile mwezi ungetoka kama nusu saa kabla ya jua kuzama, hivyo pale mlangoni tungeuona karibu saa mbili kasorobo usiku.

Kwa vijana hiyo si shida. Lakini Gupo hulala saa tatu, na baba mkwe, akishamaliza chakula cha jioni, huanza kusinzia saa mbili unusu. Na kuna jambo jingine nililoliona juu ya paa mwaka ule wa kwanza bila kulielewa: wazee walikuwa hawautazami mwezi. Walitazama meza, watoto, mikono yao. Kufikia saa tatu usiku mwezi ulikuwa umefika ngumi nne na zaidi juu, na mtu wa miaka 88 mwenye shingo iliyokakamaa hawezi kuangalia huko. Akilazimisha kichwa kwenda nyuma, kizunguzungu kinamjia, na kama amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo ndipo anapoanguka. Mwezi wa wazee ni ule ulio chini, kati ya ngumi moja na mbili na nusu, ambao macho huufikia bila shingo kukunjwa. Muda wake ni mfupi, kama saa moja na ushei. Meza yote ikabidi ipangwe kuizunguka saa hiyo.

Nikazunguka uani na mkono ulionyooshwa kama mtu anayesimamisha daladala, watoto nyuma yangu wakifanya vivyo hivyo. Mita 6 kutoka mlangoni, kuelekea bwawa la samaki, nyumba ya jirani inaachana na ya pili yake, na katika pengo lile kizuizi ni miti ya ndizi tu: ngumi moja na nusu. Kutoka ngumi mbili na nusu hadi moja na nusu nimeokoa karibu dakika 45. Mwezi ungetokea penye pengo saa moja hivi, giza likiwa ndiyo kwanza limeingia, wazee bado wana nguvu.

Ila kila unachopata unakilipia. Karibu na mlango pana sakafu ya saruji. Huko kwenye pengo ni udongo wenye matofali yaliyozama huku na kule, na mguu wa kiti ukididimia sentimita mbili upande mmoja, mzee anayeinuka anasukumwa upande huo huo. Tukatandaza mbao tatu za plaiwudi nene, tukazijaribu kwa mume wangu kukaa na kuinuka mara kumi kwenye kila pembe, na palipocheza tukajaza mchanga chini. Migongo ya viti ikawa upande wa nyumba na meza ikawa mbele. Bwawa lilibaki mbali, ng'ambo ya uzio, kwa maana harufu na upepo wake tuliutaka lakini ukingo wake hatukuutaka.

Sasa viti vyenyewe. Nilikosea mwanzoni. Kwa kuwa stuli ilikuwa fupi mno, nikadhani dawa ni kiti kirefu, nikachukua viti vya mezani vyenye mikono, urefu wa sentimita 45. Gupo akaja mchana kujaribu. Alikaa vizuri, lakini miguu ikaning'inia kama ya mtoto, na baada ya dakika chache akaanza kusogea mbele hadi ukingoni ili nyayo ziguse chini. Mtu aliyekaa ukingoni hana faida ya mgongo wa kiti. Nikampima kutoka nyuma ya goti hadi chini, akiwa na viatu vyake vya kitambaa: sentimita 38. Kiti cha kumfaa ni kirefu kuliko hapo kidogo tu, sentimita tatu au nne, ili kuinuka kusiwe kupanda kutoka shimoni na miguu isiache ardhi. Sikukata kiti cha watu. Nilichukua kipande cha ubao cha sentimita 4, kipana kiasi cha kuenea mbele ya kiti chote, nikakipigilia kwenye plaiwudi kisiteleze. Akaweka nyayo juu yake, akashika mikono ya kiti, akainama mbele kidogo na kusimama bila kuitwa mtu. Akakaa tena. Akasimama tena. Mara ya tatu alicheka.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: si mzee amekaaje, ni je, ameinuka peke yake. Mikono ya kiti ifike mbele hadi karibu na ukingo, maana kuinuka kunaanzia huko, na mito isiwe ile minene inayomeza mtu. Mimi hutumia godoro jembamba la pamba lililokunjwa, na mto mdogo wa kiunoni. Nyumbani Tanga bibi yangu alikuwa na baraza ya saruji mbele ya nyumba, ukuta nyuma yake, urefu wa kukaa tu, na sikumbuki hata siku moja kumwona akihangaika kunyanyuka pale. Aliyeijenga alijua.

Kandili nilizipunguza, na hili lilizua ubishi. Watoto walitaka ziwe nyingi na zitundikwe juu ya meza kama kwenye picha. Lakini taa iliyo kati ya jicho na mwezi huufuta mwezi, na jicho la mzee huchukua muda mrefu sana kuzoea giza baada ya mwanga mkali. Unapomtoa mzee sebuleni penye taa nyeupe na kumpeleka moja kwa moja gizani, kwa dakika kadhaa haoni anakokanyaga. Kwa hiyo tuliwatoa wazee nje mapema, bado kuna mwanga wa magharibi, ili macho yao yaingie usiku polepole pamoja na usiku wenyewe. Taa kubwa ya uani ikazimwa. Kandili za karatasi tatu zikatundikwa nyuma ya viti, juu ya vichwa, zikiangaza meza bila kuonekana na aliyekaa. Nyingine zote zikashuka chini: fanusi ndogo za betri kwenye kila pembe ya plaiwudi, pale ukingo unapoweza kukwaa kidole, mbili kwenye kidato cha mlango, na moja njiani kuelekea chooni. Mzee asiyeona njia ya chooni hatakunywa chai, na atasema tu hana kiu.

Watoto walipata kandili zao kwa namna ya zamani, ile ya ganda la balungi. Wakantoni, watu wa huko kusini, huliita tunda hilo yau, na wanasema sauti yake inafanana na neno la kulinda na kubariki. Septemba sokoni hujaa mabalungi ya Pinghe kutoka mkoa wa Fujian, makubwa kama kichwa cha mtoto. Ili upate taa usilichane kama tunavyochana nyumbani. Kata kifuniko juu, upana wa kikombe, kisha ingiza mpini wa kijiko kati ya nyama na ganda jeupe, zunguka taratibu, ukisukuma kwa dole gumba, hadi tunda zima litoke kama yai. Ganda libaki nene, sentimita moja au zaidi. Ukilitoboa madirisha likiwa jembamba hunywea na kujikunja kabla ya usiku kuisha. Binti yangu alichonga sungura, kwa sababu wao pia wanamwona sungura mwezini, anatwanga dawa. Kamba tatu, kijiti, na mshumaa mfupi ndani. Moto ukipasha ganda, mafuta yake hutoa harufu ambayo ningeitambua hata nikiwa usingizini.

Nyama ya balungi ilinipa kazi nyingine. Mezani huwekwa zima, kwa heshima ya mwezi, pamoja na keki, magimbi madogo yaliyopikwa na maganda yake, na yale matunda ya pembe tano ambayo ukiyakata hutoka nyota, jamaa wa mbirimbi wetu. Hakuna anayegusa hadi uvumba uishe, karibu nusu saa. Kisha ndipo vitu hugawanywa, na hapo unatakiwa kujua nani anakula nini. Balungi, kama lilivyo lile dogo chungu la Wazungu, huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo felodipini ya presha na simvastatini ya kolesteroli, kiasi kwamba dawa hubaki nyingi mno kwenye damu. Na tunda la nyota ni hatari ya kweli kwa mwenye figo dhaifu. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa bila wewe kujua, ila figo mbovu ikishindwa, sumu hupanda kichwani. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, hata degedege.

Baba mkwe ana figo hizo. Watoto humwita Yeye, maana kwa Kikantoni yeye ni babu mzaa baba, na bibi mzaa baba ni mama, jambo ambalo limewapa watoto wangu wa lugha mbili miaka ya furaha. Nilimwendea mama mkwe siku mbili kabla, tukiwa wawili jikoni, nikamwuliza kama nyota zinaweza kukaa upande wa mwezi na zisirudi upande wa Yeye. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwezi utazila zote." Baada ya uvumba aliziondoa yeye mwenyewe, akazipeleka kwa jirani. Yeye aliwekewa magimbi machache tu, kwa sababu hata hayo daktari wake amempimia.

Magimbi ndiyo ninayoyapenda kuliko vyote, kwani ni chakula cha nyumbani hasa. Huchaguliwa madogo, kama yai la kuku, yanapikwa kwa mvuke hadi kijiti kiingie bila kusukuma. Yasipoiva vizuri yanawasha koo, kama kila mla magimbi ajuavyo. Kuyamenya mezani wao huita kumenya ngozi ya pepo, kufukuza mabaya ya mwaka. Kwa mikono yenye baridi yabisi kumenya ni taabu, nami niliyakata ncha moja kabla ya kuyapika, hivyo Gupo alibana tu na gimbi likachomoka lenyewe kutoka kwenye ganda lake. Ngozi ya pepo aliivua mwenyewe.

Keki za mwezi sitazisema sana. Za Kikantoni zina ujazo wa mbegu za yungiyungi zilizosagwa na sukari na mafuta, na katikati kiini cha yai la bata la chumvi, kama mwezi ndani ya keki. Nyingine hutiwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo kopo langu huwa nalisoma hadi mwisho. Moja ina uzito wa karibu gramu 185 na ni nzito kwelikweli. Hukatwa vipande vinane, si vinne, na chai nyeusi ya pu-eri iwe karibu, kwani ujazo ule hunata kwenye meno ya bandia.

Mbu wa jioni huuma vifundo vya miguu. Feni ndogo ikawekwa chini, chini ya meza, ikipuliza miguuni badala ya usoni, maana mbu hawezi upepo, na mzee hapendi upepo wa uso. Siku tatu kabla tulimwaga maji kwenye visahani vyote vya maua. Mwaka uliofuata jambo hilo likawa la kijiji kizima: Julai 2025 chikungunya ilizuka hapo hapo Shunde, na kufikia mapema Agosti waliougua katika mkoa wetu wa Guangdong walizidi 7,000. Mama mkwe alisikia kwenye taarifa kwamba jina la ugonjwa ni la Kiafrika, akaniuliza. Nikamweleza kwamba ni la Kimakonde, kutoka kusini mwa nchi yangu, ulikoelezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952, na maana yake ni kile kinachompinda mtu, kwa jinsi viungo vinavyouma. Akatikisa kichwa, akaenda kupindua mitungi yake ya kachumbari iliyokuwa tupu nyuma ya nyumba.

Lakini nilikuwa nasimulia usiku wa 2024. Saa kumi na mbili unusu wazee walikuwa wamekaa, kila mmoja na kanga magotini kwa ajili ya umande, ambao kwao ni adui mkubwa kuliko mbu. Gupo alikuja kwa miguu yake, kutoka nyumba ya tatu. Mama mkwe alisimama upande wa meza, uvumba bado haujawashwa, anatazama pengo. Saa moja ikapita kwa dakika tano, kumi, nami nikaanza kuhesabu upya ngumi zangu kimoyomoyo. Kisha jani moja la mgomba likawa na ukingo wa fedha, likafuata la pili, na mwezi ukatoka katikati ya nyumba mbili, mwekundu kidogo, usawa wa macho ya watu walioketi.

Hakuna aliyesema kitu. Gupo alikuwa ameegemea kiti chote, nyayo mbili juu ya ubao wake, kidevu hakikuinuka hata kidogo. Alitazama muda mrefu. Uvumba ukaisha, magimbi yakaliwa, sungura wa balungi akaungua sikio moja. Ilipokaribia saa tatu nilimwendea nimsaidie, akanizuia kwa kiganja, akashika mikono ya kiti, akasimama.

Wana msemo kwamba mwezi wa siku ya kumi na tano huwa duara siku ya kumi na sita, na mwaka ule ulikuwa kweli, ukamilifu wake ulifika asubuhi ya tarehe 18. Gupo aliutazama tena, kwa kuinua uso kidogo safari hii, mkono mmoja bado kitini.

"Haujawa duara bado," aliniambia. "Viti msiviingize ndani."